Saizi Tano Zinatosha

Chukua ripoti yoyote ya mkutano mkuu wa Saccos na uifungue katikati. Taarifa ya bodi imechapwa saizi 12. Ukifika taarifa ya kamati ya mikopo, maandishi yamekuwa 11, kwa sababu mwenyekiti wa kamati alichapa kwenye kompyuta ya ofisini kwake na mtu akaibandika ilivyo. Kichwa kimoja ni 14 nzito kilichopigiwa mstari, cha pili ni 13, cha tatu ni herufi kubwa tupu, cha nne ni 16 na kina rangi ya bluu ambayo hakuna aliyeichagua. Ukurasa wa nane mistari imebanana kama imesukumwa na kiatu, na wa tisa imeachana mpaka mtu anajiuliza kama kuna kitu kimefutwa.

Sababu tunazijua zote. Muda ulikuwa mdogo. Kila kamati ilileta ya kwake usiku wa kuamkia kuchapa. Kijana wa steshenari ndiye aliyepanga. Karatasi ni ghali. Tumezisikia mwaka jana na mwaka juzi, na hakuna hata moja inayoeleza kwa nini taasisi inayotunza fedha za watu mpaka senti ya mwisho inashindwa kuamua herufi zake ziwe na ukubwa gani.

Dawa inajulikana. Kabla hajachapa mtu neno moja, chagueni saizi tano za herufi na kipimo kimoja cha nafasi kati ya mistari. Viandikeni ndani ya faili lenyewe, na kila kinachoingia kifuate. Kazi hiyo haimalizi saa moja, na haina gharama.

Tutaje saizi zenyewe, maana watu wakiambiwa "chagueni" wanaanza kikao kingine. Kwa ripoti ya A4 inayosomwa na watu wa rika zote, wakiwemo wazee wanaosahau miwani nyumbani, maandishi ya kawaida yawe 12. Maelezo ya chini ya ukurasa na ya chini ya picha yawe 10. Kichwa kidogo kiwe 15, kichwa kikubwa 19, na jina la ripoti kwenye jalada liwe 24. Basi. Hakuna 11, hakuna 13, na 16 ya bluu irudi ilikotoka.

Namba hizo hazikuokotwa. Kila moja ni ile iliyotangulia ukizidisha kwa 1.25 hivi na kuchukua namba kamili iliyo karibu: 12 inakuwa 15, 15 inakuwa 19, 19 inakuwa 24. Ukishuka, 12 ukiigawa kwa 1.25 unakaribia 10. Uzito wa jambo uko kwenye huo mruko. Jicho la msomaji haliitambui tofauti ya pointi moja kuwa ni daraja; linaiona kama kosa. Kichwa cha 13 juu ya maandishi ya 12 hakisemi "hapa panaanza jambo jipya", kinasema "hapa mtu aliteleza". Kichwa cha 15 hakina utata. Wanaopenda mruko mkubwa zaidi wanaweza kuzidisha kwa 1.33, lakini kwenye ripoti yenye vichwa vingi herufi zinakua haraka mno, na maneno yetu ni marefu. "Mapendekezo ya marekebisho ya masharti" kwa saizi kubwa hivyo yatakula karibu mstari mzima kila yanapotokea.

Zamani uchaguzi huu haukuwa wa mtu. Enzi za herufi za risasi, mchapaji alikuwa na saizi zilizomo kwenye droo zake, na kama 13 haikuwemo, haikuwemo. Nafasi kati ya mistari nayo aliipata kwa kupachika vipande vyembamba vya risasi vya unene unaojulikana. Ndiyo maana vitabu na majarida ya wakati huo, hata yaliyotoka kwenye mitambo midogo ya misheni, yana utulivu ambao ripoti zetu hazina. Kompyuta imetupa saizi zote kuanzia 1 na kuendelea, pamoja na nusu zake, na sisi tukadhani kupewa ni kulazimishwa kutumia.

Tuje kwenye mistari, maana hapa ndipo ripoti nyingi zinapoharibikia hata kama saizi za herufi zimechaguliwa vizuri.

Ofisi zetu zina amri moja ya kurithi: "weka 1.5". Kila mtu anaiandika, na kila mtu anaamini ni kipimo. Si kipimo. Programu ya Word ikiambiwa 1.5 inachukua urefu wa mstari mmoja wa fonti iliyopo na kuuzidisha, na kila fonti ina urefu wake. Times New Roman ya saizi 12 ina mstari wa karibu pointi 13.8, kwa hiyo 1.5 yake ni kama pointi 20.7. Calibri ya saizi hiyohiyo inafika karibu pointi 22. Tofauti inaonekana ndogo, ila ukurasa wa A4 wenye pembezo za sentimita 2.5 juu na chini unabaki na pointi 700 za kuandikia. Fonti ya kwanza inaingiza mistari 33, ya pili 31. Kamati mbili zimetii amri moja na kurasa zao hazilingani.

Kuna baya zaidi. Neno moja tu la fonti nyingine, lililonakiliwa kutoka kwenye ujumbe wa WhatsApp, linaweza kuuinua mstari wake peke yake. Aya ina mistari saba, sita imekaa sawa, wa saba umepanda. Msomaji hajui kilichotokea, ila anahisi kitu kimekwama.

Kwa hiyo acheni 1.5. Wekeni pointi 16 kamili kwa maandishi ya 12, na msizipe fonti nafasi ya kuamua. Pointi moja ni sehemu ya 72 ya inchi, haibadiliki kwa kubadili fonti. Kwa nini 16, isiwe 14? Kwa sababu ya urefu wa mstari. Wachapaji wengi hupendelea mstari wenye herufi 45 hadi 75, ukihesabu na nafasi zilizo kati ya maneno. A4 yenye pembezo za sentimita 3 kushoto na kulia inabeba themanini na kitu kwa Times New Roman ya 12. Mstari mrefu unalichosha jicho linaporudi kushoto kutafuta mstari unaofuata. Likikuta mistari imebanana, linasoma ule ule mara mbili au linaruka mmoja. Pointi mbili za ziada ndizo zinazoliongoza. Kama mnachapa kijitabu cha A5 chenye mstari mfupi, 15 itatosha.

Sasa mhasibu aliyesema karatasi ni ghali asikilize. Ukurasa uleule wa pointi 700, kwa mistari ya pointi 16, unabeba mistari 43. Kwa 1.5 ya Times New Roman ulibeba 33. Ripoti ya kurasa 13 za maandishi matupu inaingia kwenye kurasa 10, saizi ya herufi ikiwa ileile 12 na macho ya wazee yakiwa salama. Mkichapa nakala mia tatu, hesabu ya karatasi mnaijua wenyewe. Miaka yote tumekuwa tukilipia hewa kati ya mistari, kisha tunapunguza herufi mpaka 10.5 ili kufidia.

Vichwa navyo vina nafasi zake, na nafasi hizo zinatoka kwenye 16 hiyohiyo. Kanuni ni kwamba kichwa, pamoja na nafasi iliyo juu na chini yake, kimeze idadi kamili ya mistari ya kawaida. Kichwa kidogo cha 15 kipewe mstari wa pointi 20, pointi 8 juu na 4 chini: jumla 32, yaani mistari miwili. Kichwa kikubwa cha 19 kipewe mstari wa 24, pointi 16 juu na 8 chini: jumla 48, mistari mitatu. Maelezo ya saizi 10 yakae kwenye mstari wa pointi 12, na mistari minne ya namna hiyo ni 48 vilevile. Angalieni pia kwamba nafasi ya juu ni mara mbili ya ile ya chini. Kichwa ni cha maneno yanayokifuata, na lazima kiyasogelee hayo, kiyape mgongo yaliyopita. Ripoti nyingi zimekining'iniza kichwa katikati, mbali na pande zote mbili, kana kwamba hakina mwenyewe.

Mwashi yeyote anaelewa hoja hii bila kuelezwa. Hachanganyi tofali za inchi tano na za inchi sita kwenye kozi moja halafu akategemea saruji izibe tofauti, na dirisha analipanga lianzie na kuishia kwenye kozi kamili ili ukuta uendelee sawa pande zote.

Faida inaonekana mkichapa pande mbili za karatasi, na karatasi za ofisi nyingi ni nyepesi. Inueni ukurasa kwenye mwanga. Kama mistari ya nyuma imeangukia katikati ya mistari ya mbele, ule weupe uliopaswa kulipumzisha jicho umejaa kivuli cha kijivu na ukurasa mzima unaonekana mchafu. Kama mistari ya pande mbili imelingana, kivuli kinajificha nyuma ya maandishi. Ndiyo sababu ya kung'ang'ania hesabu ya 16. Kichwa kidogo kikivunjika mistari miwili kinafika pointi 52 na hesabu inaponyoka kwa pointi 4, kwa hiyo fupisheni kichwa. Mara nyingi kinastahili kufupishwa hata bila hesabu.

Aya zitenganishwe kwa kuingiza mstari wa kwanza ndani pointi 16, bila kuacha nafasi. Wapo watakaotaka aya ziachane kwa nafasi, kama barua za serikali. Sawa, wekeni pointi 8 baada ya kila aya na mkubali kwamba mistari ya mbele na ya nyuma haitalingana tena. Tunachokataa ni kubonyeza Enter mara mbili. Mstari mtupu ni aya kwa mujibu wa kompyuta. Ukiangukia juu ya ukurasa unabaki hapo, na ukurasa unaanza na pengo ambalo jirani yake hana.

Utekelezaji wenyewe ni huu. Kwenye Word kuna orodha iitwayo Styles. Bofya Normal kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Modify, weka fonti na saizi 12. Kisha Format, halafu Paragraph, na kwenye Line spacing chagua Exactly, andika 16 pt. Before na After ziwe 0, maana Word huwa imeshaweka nafasi yake hapo bila kukuuliza. Fanya hivyohivyo, ila kwa mistari na nafasi zake tulizokwisha kuzitaja, kwa Heading 1 (saizi 19), Heading 2 (saizi 15), Caption (saizi 10) na Title (saizi 24, mstari wa pointi 32). Saizi 15 na 19 hazimo kwenye orodha inayoshuka. Ziandike kwa mkono kwenye kisanduku na zitakubaliwa. Wanaotumia LibreOffice watakuta jambo hilohilo kwa jina la Fixed.

Hapa kuna mtego unaowafanya watu wakate tamaa na kurudi kwenye 1.5. Vichwa vya Word hurithi kutoka Normal. Ukishaweka pointi 16 kwenye Normal na usiviguse vichwa, herufi za saizi 19 zitabanwa ndani ya mstari wa 16 na vichwa vyake vitakatwa juu. Ukiona herufi zimekatwa, programu haijaharibika. Kichwa hicho hakijapewa mstari wake wa 24.

Mtego wa pili ni picha. Picha iliyobandikwa kwenye mstari wa Exactly inaonyesha ukanda mwembamba wa chini tu, na picha ya bodi nzima inageuka kuwa safu ya viatu. Tengeneza mtindo mmoja uitwe Picha, upe Line spacing ya Single, na kila picha ikae kwenye aya yenye mtindo huo. Hiyo ndiyo ruhusa pekee ya Single katika ripoti nzima.

Kazi ikiisha, hifadhi faili kama kiolezo: Save As, chagua Word Template (*.dotx). Mwaka ujao hakuna wa kuanza upya.

Taarifa za kamati zikifika, usizibandike zilivyo. Ukibandika, chagua Keep Text Only, ili maneno yaje na saizi zake za nyumbani zibaki huko. Hasara ni kwamba maneno yaliyokolezwa au kulazwa yanapoteza alama zake, na mtu itabidi azirudishe kwa mkono. Ni dakika chache, na mara nyingi utagundua nusu yake hayakuhitaji kukolezwa. Mistari mitupu iliyoachwa kwa Enter iondoe kwa Find and Replace: tafuta `^p^p`, badilisha kwa `^p`, rudia mpaka Word iseme hakuna iliyobaki. Kisha pita kichwa kwa kichwa ukikipa mtindo wake. Yule aliyepigia mstari kichwa, akakikoleza na kukiandika kwa herufi kubwa kwa pamoja, alikuwa akipiga kelele kwa sababu saizi haikumsaidia. Sasa saizi inasema, kelele ziondolewe.

Jaribu la kweli linakuja pale maandishi yanapozidi. Kijitabu cha kukunjwa na kubanwa pini katikati lazima kurasa zake zigawike kwa nne, na mistari sita imemwagikia ukurasa wa 17. Saa mbili usiku, mkono unakwenda kwenye saizi. "Tupunguze 11.5 tu, hawataona." Wataona. Mkibana ukurasa mmoja ndio watauona zaidi, kwa kuwa utakaa pembeni ya ule ambao haukubanwa. Mistari sita haiokolewi kwa saizi. Inaokolewa kwa kufuta salamu za aya nzima zinazofungua kila taarifa ya kamati, ambazo mwenyekiti atazisema tena kwa mdomo ukumbini. Kama hakuna cha kufuta kweli, ongezeni kurasa nne na kurasa zinazobaki wazi ziwe za wanachama kuandikia maswali. Saizi ya herufi si mahali pa kubania matumizi.

Majedwali yanastahili ukali wa pekee. Jedwali la mapato na matumizi ndilo mwanachama analolitafuta kwanza, na ndilo linaloshushwa mpaka saizi 8 ili safu zote ziingie. Hii ni kinyume kabisa cha akili. Tarakimu za fedha zisipungue 12 kwenye jedwali kuu. 10 ni ya maelezo ya chini yake. Safu zikizidi, geuzeni ukurasa ulale, au gaweni jedwali mara mbili, mwaka huu na mwaka jana upande mmoja, bajeti na tofauti upande wa pili. Na tarakimu zipangwe kulia, ili mamia yakae chini ya mamia.

Kukagua hakuhitaji mtaalamu. Chapa nakala moja. Chagua kurasa mbili zinazotazamana zenye maandishi matupu na uhesabu mistari: kila mmoja uwe na 43. Halafu igeuze ripoti kichwa chini, uishike mbali kwa urefu wa mkono. Ikiwa huwezi kusoma maneno, jicho linabaki na weusi na weupe tu, na aya iliyobanwa itajitokeza kama doa. Weka alama kwa kalamu kwenye kila doa. Karibu kila mara chini yake kuna maneno yaliyobandikwa bila kusafishwa, na kwenye kompyuta yanapona kwa kuyachagua na kubonyeza Ctrl+Space kwa herufi, kisha Ctrl+Q kwa aya.

Kuna watakaosema hili ni pambo na wanachama wanataka gawio. Wanachama wanataka kujua gawio limefikiwaje, na taarifa hiyo iko ukurasa wa kumi, kwenye aya ambayo mtu wa miaka sitini anaiacha katikati kwa sababu mistari imemchanganya. Anainua mkono ukumbini kuuliza swali ambalo jibu lake analo mkononi, na nusu saa ya mkutano inakwenda hapo.

Makatibu wanaosubiri taarifa za kamati mwaka huu wawatumie wenyeviti kile kiolezo wiki hii, kabla hawajaanza kuchapa, pamoja na sentensi moja: andika humu ndani, usibadilishe saizi. Taarifa itakayokuja na 11.5 irudishwe kwa aliyeileta.